Pampu Moja, Matangi Kumi: Jinsi Gramiani Zinavyopima Ugumu wa Kufika

Matangi kumi yamepangwa mstari mmoja, kila moja likimwagia maji yake kwenye linalofuata. Pampu ni moja tu, nayo inaingiza maji kwenye tangi la kwanza. Siku za kawaida kila tangi lina kina chake kilichozoeleka, na fundi anaweza kuiongeza pampu nguvu au kuipunguza kidogo ili kina kipande au kishuke. Sasa aombwe jambo hili: kwa pampu hiyo hiyo moja, apandishe kina cha tangi la saba peke yake, na yale mengine tisa yote yawe palepale kwenye kina chake cha kawaida. Inawezekana?

Hisabati inajibu kwamba inawezekana. Kisha inatoa bei ya kazi hiyo, na kwa vizio vitakavyoelezwa hapa chini bei yenyewe ni 64,634,880. Kuyapandisha matangi yote kumi kwa pamoja kunagharimu 20 tu.

Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo lililowafanya wataalamu wa udhibiti wa mitambo wasiridhike na jibu la ndiyo au hapana. Jibu la aina hiyo lilitolewa na Rudolf Kalman, mhandisi aliyezaliwa Budapest na kufanya kazi Marekani, katika maandishi yake ya mwaka 1960, mwaka ambao aliwasilisha nadharia yake kwenye kongamano la kwanza la kimataifa la udhibiti wa mitambo mjini Moscow. Kalman alionyesha namna ya kuchunguza matriksi za mtambo ili kujua kama kila hali yake inaweza kufikiwa kwa kuchezesha ingizo, na kama kila hali inaweza kutambuliwa kwa kutazama tokeo. Matangi yetu kumi yanafaulu mtihani huo bila doa. Lakini mtihani hausemi lolote kuhusu bei.

Anayetaja bei ni matriksi nyingine, iitwayo gramiani. Jina limetoka kwa Jørgen Pedersen Gram, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi ya bima na kufariki mwaka 1916. Njia ya kuipata gramiani inapitia mlinganyo wa matriksi wenye jina la Mrusi Aleksandr Lyapunov, ambaye mwaka 1892 alichapisha tasnifu kuhusu uthabiti wa mwendo. Hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyekuwa akiwaza pampu.

Ili kuona kinachotendeka, tuanze na matangi mawili tu. Herufi x1 na x2 zisimame kwa tofauti ya kina cha kila tangi na kina chake cha kawaida, kwa mita. Namba chanya ina maana maji yamepanda, hasi ina maana yameshuka. Herufi u ni kiasi ambacho pampu imeongezwa au kupunguzwa. Tangi hupoteza maji kwa kasi inayolingana na kina chake. Kwa mabadiliko madogo makadirio haya ni mazuri, ingawa tangi halisi hufuata kanuni ya kipeo cha nusu. Tukichagua kizio cha muda kinachofaa, mtambo mzima unaandikwa hivi:

```
x1' = -x1 + u
x2' =  x1 - x2

A = [-1   0]      B = [1]
    [ 1  -1]          [0]
```

Matriksi A inaeleza jinsi matangi yanavyoathiriana, na B inaonyesha pampu inaingilia wapi. Gramiani ya kufikika, W, ni ile matriksi inayotimiza mlinganyo wa Lyapunov:

```
A W + W A^T + B B^T = 0
```

Alama ya T inaamuru safu mlalo zigeuzwe kuwa safu wima. Mlinganyo unatisha kwa macho kuliko kwa kazi. W ni linganifu, yaani namba ya juu kulia ni sawa na ya chini kushoto, kwa hiyo kuna namba tatu tu za kutafuta, na zinapatikana moja baada ya nyingine kwa hesabu za kidato. Ya kwanza inatoka kwenye −2w11 + 1 = 0, basi w11 ni 0.5. Ya pili inatoka kwenye w11 − 2w12 = 0, basi w12 ni 0.25. Ya tatu inatoka kwenye w12 − w22 = 0, basi w22 nayo ni 0.25.

```
W = [0.50  0.25]      W^-1 = [ 4  -4]
    [0.25  0.25]             [-4   8]
```

Matriksi ya kulia ni kinyume cha W, na humo ndimo bei ilimo. Hapa neno bei lifafanuliwe vizuri. Tunachukua nguvu ya ziada ya pampu kila wakati, tunaipigia kipeo cha pili, kisha tunajumlisha kwa muda wote wa kazi. Pampu iliyoongezwa kwa 1 kwa vizio viwili vya muda inagharimu 2. Iliyoongezwa kwa 2 kwa kizio kimoja inagharimu 4. Hii si bili ya umeme. Ni kipimo kinachoadhibu mishtuko mikubwa, na kinafaa kwa sababu pampu halisi ina ukomo wake. Kuanzia kwenye hali ya kawaida, bei ndogo kabisa ya kufika kwenye hali fulani, fundi akiwa na muda wa kutosha, inapatikana kwa kuizidisha hali hiyo pande zote mbili za W kinyume.

Tujaribu. Kupandisha matangi yote mawili kwa mita moja kunagharimu 4 − 8 + 8, yaani 4. Kupandisha tangi la pili peke yake, la kwanza likiwa limerudi kwenye kawaida yake, kunagharimu 8. Kupandisha la kwanza na kushusha la pili kunagharimu 4 + 8 + 8, yaani 20. Mtambo ni uleule na kiasi cha maji yanayosogezwa kinafanana, lakini bei imepanda mara tano.

Sababu inaonekana ukifuata maji yenyewe. Kila tone linaloingia tangi la kwanza lazima lipite kwenda la pili, kwa hiyo matangi haya yanapenda kupanda pamoja na kushuka pamoja. Anayetaka moja juu na lingine chini inabidi kwanza aibane pampu mpaka yote yashuke, kisha aifungulie kwa nguvu ili la kwanza lijae kabla la pili halijapata habari. Mshtuko huo ndio unaolipiwa.

Kila matriksi ya aina ya W ina mielekeo yake mikuu, na kila mwelekeo una namba yake. Hapa namba hizo ni 0.6545 na 0.0955. Mwelekeo wa namba kubwa ni ule wa matangi kupanda pamoja. Mwelekeo wa namba ndogo ni mchanganyiko wa 0.53 kwa tangi la kwanza na −0.85 kwa la pili, na bei ya kufika huko ni 1 kugawa kwa 0.0955, yaani karibu 10.5. Ndiyo maana mhandisi akishapata gramiani hukimbilia namba ndogo kuliko zote: hapo ndipo mtambo unapogoma.

Kuna kosa moja ambalo wengi huangukia hapa. Wanaangalia namba za mshazari peke yake, 0.50 na 0.25, na kusema tangi la pili lina ugumu mara mbili ya la kwanza. Namba hizo zinajibu swali jingine. Moja kugawa kwa 0.25 ni 4, nayo ni bei ya kulifikisha tangi la pili kwenye mita moja bila kujali la kwanza limeishia wapi. Njia rahisi zaidi ya kufanya hivyo huliacha tangi la kwanza nalo likiwa juu kwa mita moja. Ukisisitiza kwamba la kwanza lirudi kwenye kawaida, bei inakuwa 8, na hiyo husomwa kwenye mshazari wa W kinyume.

Kwa matangi mawili tofauti ya 4 na 8 ni ndogo. Turudi sasa kwenye matangi kumi, ambako gramiani inafuata mpangilio wa namba za pembetatu ya Paskali, kwa hiyo bei zake zinaweza kupigwa kwa kalamu. Kulifikisha tangi la kumi kwenye mita moja bila kujali mengine kunagharimu takribani 10.8. Kulifikisha tangi hilohilo kwenye mita moja huku mengine tisa yakiwa yametulia kabisa kunagharimu 524,288. Na tangi gumu kuliko yote kulipandisha peke yake si la kumi. Ni la saba, kwa ile bei ya zaidi ya milioni 64. La kumi halina jirani chini yake wa kuchafuliwa na maji yaliyopita. La saba lina matangi sita juu ambayo lazima yawe yameshatulia, na matatu chini ambayo lazima yazuiwe yasipande. Amri ya pampu inayotimiza yote hayo ni mfululizo wa mivuto na misukumo mikubwa inayofutana karibu yote, na kinachobaki baada ya kufutana ndiyo ile mita moja.

Bei ya kuyapandisha yote kumi, 20, inaweza kukaguliwa kwa akili ya kawaida. Pampu ikiongezwa kwa 1 na kuachwa hivyo kwa vizio 20 vya muda, bei yake ni 20, na mwisho wa muda huo hata tangi la kumi limefika asilimia 99.5 ya mita moja. Hesabu ya gramiani na mwenendo wa maji vinakubaliana.

Hapa ndipo gramiani inapoanza kumfaa mhandisi, kwa sababu ina tabia moja nzuri: pampu zikiwa mbili, gramiani ya mtambo mzima ni jumla ya gramiani za kila pampu. Kwa matangi mawili, pampu iliyowekwa kwenye tangi la pili peke yake ina gramiani yenye 0.5 chini kulia na sifuri kwingine kote. Sifuri hizo zinamaanisha tangi la kwanza haliguswi kabisa, maana maji hayapandi mlima. Lakini ukiijumlisha na ile ya pampu ya kwanza na kutafuta kinyume, bei ya kupandisha moja na kushusha lingine inashuka kutoka 20 hadi 5.6. Kwenye mnyororo wa matangi kumi faida ni kubwa zaidi: pampu ya pili ikiwekwa tangi la sita, bei ya kupandisha la saba peke yake haizidi 240, ikiwekwa kwenye la saba lenyewe, haizidi 8. Mahali pa kuweka pampu panaweza kuchaguliwa mezani, kabla bomba halijakatwa.

Upande wa pili wa suala hili ni kuona. Tuseme kipima kina kiko kwenye tangi la mwisho tu. Je, anayekisoma anaweza kujua kilichotokea juu? Swali hili lina gramiani yake, ya kuonekana, na mlinganyo wake ni uleule isipokuwa matriksi zimegeuzwa:

```
A^T V + V A + C^T C = 0
```

C inaonyesha kipima kiko wapi. Safari hii hakuna haja ya kinyume: unaizidisha hali ya mwanzo pande zote mbili za V, na unapata ukubwa wa ishara ambayo kipima kitaiona kuanzia hapo hadi mwisho, ikiwa imepigiwa kipeo cha pili na kujumlishwa. Kwa matangi kumi, mita moja ya ziada kwenye tangi la kumi inaacha ishara ya 0.5. Mita hiyo ikiwa kwenye tangi la kwanza, ishara ni 0.0927. Imefifia lakini haijapotea. Zinazopotea ni hali za kupishana, tangi moja juu na jirani yake chini, kwa sababu ziada na pungufu huchanganyika njiani na kufutana kabla hazijafika kwenye kipima. Ipo hali ambayo ishara yake haifiki hata sehemu moja ya milioni 64. Mtihani wa Kalman unasema inaonekana, ila kipima chochote halisi chenye mtikisiko kidogo hakitaitofautisha na matangi yaliyotulia.

Mpaka hapa gramiani inaonekana kama mwamuzi asiye na upendeleo, na sivyo ilivyo. Turudi kwenye matangi mawili, na tufanye jambo dogo: kina cha tangi la pili kipimwe kwa milimita, la kwanza libaki kwa mita. Maji hayajabadilika hata tone. Lakini w22 sasa ni 250,000 na w12 ni 250, na mielekeo mikuu imegeuka. Namba ndogo kuliko zote imekuwa karibu 0.25, na mwelekeo wake ni tangi la kwanza, karibu peke yake. Kwa mita tupu, hali ngumu ilikuwa ya kupishana na iliegemea zaidi tangi la pili. Kwa milimita, lawama imehamia kwa jirani.

Kwa hiyo anayesoma gramiani bila kuuliza vizio anaweza kulaumu hali isiyo na kosa. Tiba ya kwanza ni kupima kila hali kwa kiasi chenye maana kazini: ikiwa sentimita tano za kina ni tukio kubwa kwenye tangi hili na sentimita 50 kwenye lile, basi kila moja ligawanywe kwa kiasi chake kabla ya hesabu kuanza. Bei zenyewe hazidanganyi, maana bei ya kufika kwenye hali iliyotajwa waziwazi ni ileile kwa vizio vyovyote. Kinachoyumba ni jibu la swali la jumla, kwamba ni mwelekeo upi ulio mgumu kuliko yote.

Tiba ya pili ilitolewa na Bruce Moore katika makala ya mwaka 1981. Alionyesha kwamba gramiani mbili, ya kufikika na ya kuonekana, zikizidishwa pamoja, namba kuu za zao lao hazibadiliki hata vizio vikibadilishwa. Kinachopata tangi kwa kupimwa kwa milimita upande wa kufikika, linakipoteza upande wa kuonekana. Kwa matangi yetu mawili, kipima kikiwa kwenye la pili, vipeo vya nusu vya namba hizo ni 0.6036 na 0.1036. Kila kimoja kinapima hali kwa pande zote mbili kwa pamoja: inafikika kiasi gani kutoka kwenye pampu, na inaonekana kiasi gani kwenye kipima.

Namba hizo hutumika kuamua kipi kiachwe. Mfano wa kompyuta wa daraja refu au mtandao wa umeme unaweza kuwa na maelfu ya hali, na zile zisizofikika wala kuonekana kirahisi zinaweza kukatwa ili mfano uwe mwepesi. Hesabu inatoa hata dhamana: kosa la mfano uliofupishwa, kwa kasi yoyote ya mtikisiko, halizidi mara mbili ya jumla ya namba zilizokatwa. Tukate hali moja kati ya mbili za matangi yetu tuone. Mara mbili ya 0.1036 ni 0.207, na kosa linafika hapo hasa: pampu ikiongezwa kwa 1 na kuachwa, tangi la pili halisi linatulia kwenye mita moja, lakini mfano uliofupishwa unadai mita 1.207. Kwa kazi nyingi kosa la asilimia 20 halivumiliki, kwa hiyo hapa hakuna cha kukata. Aliyetazama ugumu wa kufika tu, bila kutazama kuonekana, asingeliona kosa hilo likija.

Mitambo mikubwa haihesabiwi kwa kalamu, na kompyuta ina mitego yake. Kwenye Python kazi yote ni mstari mmoja:

```python
import numpy as np
from scipy.linalg import solve_continuous_lyapunov as lyap

A = np.array([[-1., 0.], [1., -1.]])
B = np.array([[1.], [0.]])
W = lyap(A, -B @ B.T)
```

Ile alama ya kutoa mbele ya `B` si pambo. Programu hii huweka kipande cha pampu upande wa kulia wa mlinganyo, na anayeisahau alama hiyo anapata gramiani yenye 0.50 na 0.25 zile zile, zote zikiwa hasi. Mtego wa pili ni mtambo usiotulia wenyewe. Mlinganyo wa Lyapunov unaweza kuwa na jibu hata hapo, ila jibu hilo si gramiani: mtambo wa hali moja unaojikuza, x' = x + u, unatoa −0.5, namba isiyoweza kuwa kipimo cha nishati yoyote. Kwa hiyo kabla ya kumwamini W, A yenyewe inakaguliwa kama inatulia.

Mtego wa tatu ni wa desimali. Kompyuta hubeba tarakimu 16 hivi kwa kila namba. Mnyororo ukirefushwa kutoka matangi kumi hadi 20, bei ya kupandisha tangi la 14 peke yake inapita moja inayofuatwa na sifuri 17, kwa hiyo namba ndogo ya gramiani iko chini ya kile ambacho mashine inaweza kutofautisha na kosa lake yenyewe. Matriksi ambayo kwa nadharia ina namba chanya tupu inaweza kutoka ikiwa na namba hasi, na hiyo ndiyo dalili ya kutafuta. Sven Hammarling alitoa njia mwaka 1982 ya kutopita kwenye W kabisa: kinachohesabiwa moja kwa moja ni kipeo chake cha nusu cha kimatriksi, ambacho kikizidishwa na mgeuzo wake hakiwezi kamwe kuzaa namba hasi za kweli, na ambacho namba zake ndogo hazizami haraka hivyo. Kwenye MATLAB njia hiyo ya kipeo cha nusu inaitwa kwa amri `lyapchol`.